Mchoro wa kocha: kila mtoto na mahali pake, na saa ya kubana mpira

Kila mwisho wa juma watoto wetu wanacheza mpira katika viwanja vya mitaa, kuanzia Ndosho hadi Majengo, kuanzia Himbi hadi Birere. Sisi tunasimama pembeni na kupiga kelele. Kelele tunayoipiga zaidi ya nyingine ni hii: "Kimbilia mpira!" Ndiyo hiyo inayoharibu kazi ya kocha, kwa sababu kocha amemwambia mtoto asimame mahali fulani, na mama anamwita atoke.

Katika vikundi vyetu mna wanawake waliochukua kazi ya kufundisha timu za watoto, na wengine wanajiandaa kuichukua. Wote wanakutana na ile karatasi yenye duara, namba na mishale inayoitwa mchoro wa mfumo. Tumeona vema kuufungua mchoro huo hapa, ili anayefundisha ajue cha kuwaambia watoto, na anayetazama ajue kwa nini mwanawe hafuati mpira kila mahali.

Tutachukua mfumo mmoja tu, wa timu ya watoto 9, kwa umri wa miaka 12 au 13. Umri huo na idadi hiyo vinaelewana vizuri. Kiwanja kinakuwa kidogo, kila mtoto anagusa mpira mara nyingi, na mistari ya timu bado inaonekana wazi kwa macho.

Namba tisa na mistari mitatu

Tuseme kiwanja kina urefu wa mita 66 na upana wa mita 45. Kama huna kamba ya kupimia, hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita 1. Mchoro wenyewe ni huu, nasi tunashambulia kuelekea juu ya karatasi:

```
   LANGO LA WAPINZANI

   8       9       7

       6       5

   3       4       2

           1
       LANGO LETU
```

Namba 1 ni golikipa. Mbele yake kuna mstari wa mabeki watatu: namba 2 kulia, namba 4 katikati, namba 3 kushoto. Mstari wa pili ni wa viungo wawili, namba 5 na namba 6. Mstari wa tatu ni wa mbele: namba 7 ni winga wa kulia, namba 8 winga wa kushoto, na namba 9 mshambuliaji wa katikati. Makocha wanauita mfumo huu tatu-mbili-tatu. Golikipa hahesabiwi, kwa maana yupo katika kila mfumo.

Kila namba ina kazi mbili, moja wakati mpira ni wetu na nyingine wakati mpira ni wao. Tukiwa na mpira, timu inafunguka. Mawinga 7 na 8 wanakwenda hadi karibu na mistari ya pembeni, mabeki 2 na 3 wanajitenga na namba 4, na viungo wanatafuta mahali ambapo mtu anaweza kuwapasia bila mpinzani kukata njia. Tukipoteza mpira, timu inajifunga. Wote wanasogea kuelekea upande ulipo mpira na kukaribiana. Kufunguka na kujifunga, ndiyo pumzi ya timu. Mtoto akielewa hayo mawili, ameelewa nusu ya mchoro.

Namba 4 ndiye anayeona kiwanja chote akiwa mbele ya golikipa, kwa hiyo mpe mtoto asiyeogopa kusema kwa sauti. Viungo 5 na 6 ndio wanaochoka kuliko wote, kwa sababu wanasogea kila mpira unaposogea. Usiwaache hao wawili kucheza dakika zote bila kupumzika. Na katika umri huu usimfunge mtoto kwa namba moja mwaka mzima. Aliyekuwa beki wiki hii awe winga wiki ijayo, naye ataelewa mchoro vizuri zaidi akiuona kutoka pande mbili.

Mchoro unasema nafasi kati ya watoto

Mtu akitazama mchoro mara ya kwanza anaona duara. Kocha mzoefu anaona nafasi iliyo kati ya duara na duara. Hapo ndipo kazi yote ilipo.

Wengi wetu tumewaona wavuvi wa sambaza katika ziwa Kivu jioni. Mitumbwi yao mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, na wavu unaning'inia kati yake. Ile miti ndiyo inayoshika kila kitu. Mitumbwi ikikaribiana mno, wavu unakunjika na haushiki kitu. Ikiachana, wavu unapasuka. Mistari mitatu ya timu ni kama mitumbwi hiyo mitatu, ila miti yake haionekani. Ni lazima watoto waibebe kichwani.

Urefu wa miti hiyo, wakati mpira ni wa wapinzani, ni huu. Kutoka mstari wa mabeki hadi mstari wa viungo, mita 10. Kutoka viungo hadi mstari wa mbele, mita 10 tena. Kwa hiyo kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji namba 9, timu nzima ina urefu wa mita 20 hivi, na isizidi 25. Kwa upande, beki na beki mwenzake wasiachane zaidi ya mita 10. Golikipa anasimama mita 12 au 13 nyuma ya mabeki, ili mpira mrefu ukipita juu yao aweze kutoka na kuufikia kwanza.

Kwa nini mita 10, isiwe 20? Kwa sababu ya muda. Mpinzani akipokea mpira kati ya mistari yetu miwili inayoachana kwa mita 10, mtoto aliye karibu yake ana mita 5 tu za kukimbia. Anafika kabla mpinzani hajageuka. Mistari ikiachana kwa mita 20, anahitaji kukimbia mita 10, na mpinzani amekwisha kugeuka, ameinua kichwa na kuchagua pa kupasia. Ukiwa kando ya kiwanja unaweza kuona tofauti hiyo bila kupima: tazama mpinzani anapopokea mpira katikati. Kama anageuka bila kuguswa na mtu yeyote, nafasi kati ya mistari ni kubwa mno.

Jambo hili la mita lilijulikana sana kutokana na Mwitalia mmoja, Arrigo Sacchi, aliyefundisha timu ya Milan kuanzia mwaka 1987. Sacchi hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa, na kabla ya kuwa kocha alikuwa muuza viatu. Alitaka timu yake ya watu wazima, kwenye kiwanja kikubwa, isizidi urefu wa mita 25 kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji. Aliwafanyisha wachezaji mazoezi bila mpira kabisa, wakisogea pamoja kana kwamba mpira upo. Milan ilichukua Kombe la Ulaya mwaka 1989 na tena mwaka 1990. Mama anayeambiwa kwamba hawezi kufundisha kwa kuwa hakucheza, na amkumbuke huyo muuza viatu.

Kanda tatu za kubana

Sasa chukua mchoro uugawe kwa mistari miwili ya kulala. Kiwanja chetu cha mita 66 kinakuwa na kanda tatu za mita 22 kila moja: ukanda wa nyuma ulio karibu na lango letu, ukanda wa katikati, na ukanda wa mbele ulio karibu na lango la wapinzani. Katika mazoezi unaweza kuchora mistari hiyo kwa majivu ya makala, au kuweka vidumu vitupu pembeni ili watoto waione.

Kubana ni kumwendea mwenye mpira kwa nguvu, kwa nia ya kumnyang'anya au kumlazimisha apige mpira vibaya. Kosa la makocha wengi wapya ni kuwaambia watoto wabane kila mahali na kila wakati. Watoto wanatii, wanakimbia kama nyuki waliotibuliwa, na kipindi cha pili hakuna mwenye mguu. Mchoro wenye kanda unamwambia mtoto wapi akimbie na wapi asubiri.

Katika ukanda wa mbele, tunasubiri kwanza. Mabeki wa wapinzani wakiwa na mpira karibu na lango lao, namba 9 hawakimbilii. Anasimama mahali pa kuwazuia kupasia katikati, na wenzake wanapanga mistari nyuma yake. Anakwenda kwa nguvu pale tu anapoona ishara, nasi tutazieleza hapa chini.

Ukanda wa katikati ndio soko letu. Hapo ndipo tunapobana wote kwa pamoja. Tazama jinsi hesabu inavyokaa: ukanda una mita 22, na timu yetu ina urefu wa mita 20. Mabeki wakisimama pale ukanda wa katikati unapoanza, na mawinga karibu na pale unapoishia, timu yote imeingia katika ukanda huo. Hakuna mpinzani anayeweza kupita hapo bila kukutana na mtu.

Katika ukanda wa nyuma, tunalinda njia ya katikati ya lango. Hapo mtoto haruki miguuni mwa mpinzani, maana akikosea hakuna mwingine nyuma yake isipokuwa golikipa. Anasimama kati ya mpinzani na lango, anamsukuma polepole kuelekea pembeni, na anangoja wenzake warudi.

Zipo timu zinazobana juu kabisa, katika ukanda wa mbele, mchezo mzima. Kwa watu wazima wenye mazoezi ya kila siku inawezekana. Kwa watoto ina bei yake. Ili mstari wa mbele ubane kule juu, mabeki nao lazima wapande hadi katikati ya kiwanja, na nyuma yao kunabaki mita 33 zenye golikipa peke yake. Mpira mmoja mrefu unatosha kuleta goli. Mabeki wakiogopa wakabaki nyuma, basi timu inakuwa ndefu, na wavu umepasuka katikati. Ndiyo maana tunapendekeza ukanda wa katikati kwa umri huu.

Ishara tatu

Mtoto hawezi kungoja kocha apige kelele ndipo aanze kukimbia. Kelele inafika wakati mpira umekwisha kuondoka. Lazima asome mwenyewe. Kwa watoto wa umri huu ishara tatu zinatosha.

Ishara ya kwanza ni mguso mbaya. Mpinzani anapokea mpira, nao unamruka mguuni na kwenda mbali naye hatua mbili au tatu. Hapa kwetu Goma ishara hii inaonekana mara nyingi. Viwanja vyetu vingi viko juu ya mawe ya volkano, na changarawe nyeusi inaurusha mpira mahali usipotegemewa. Kiwanja kibovu kinamwumiza mwenye mpira kuliko asiye nao, na timu iliyojipanga inajua kulitumia hilo.

Ishara ya pili ni mgongo. Mpinzani anapokea mpira akitazama lango lake mwenyewe. Hawezi kuona nyuma yake, kwa hiyo aliye karibu anamwendea mara moja, asimruhusu kugeuka.

Ishara ya tatu ni pasi ya kwenda kwa beki wa pembeni. Karibu na mstari, mpinzani ana nusu tu ya kiwanja. Upande mmoja kuna sisi, na upande wa pili kuna mstari ambao hauwezi kupitwa. Mstari huo ni mlinzi wetu wa kumi. Hachoki na hadanganyiki.

Tuifuate pasi moja

Tuichukue ishara hiyo ya tatu na kuifuata hatua kwa hatua, kila mtu na namba yake. Fungua mchoro uuweke mbele yako.

Beki wa katikati wa wapinzani ana mpira, hatua chache ndani ya ukanda wa mbele. Namba 9 wetu amesimama mbele yake, mita 6 au 7, akiziba njia ya katikati. Beki anaona njia imefungwa, anapasia pembeni kwa mwenzake, yule anayecheza upande wa kushoto kwetu. Pasi ina urefu wa mita 15.

Namba 8 anaondoka wakati mpira unapotoka mguuni mwa mpasiaji. Hapa ndipo ushindi au ushinde unapopatikana. Akingoja mpira ufike ndipo aondoke, amechelewa. Ana mita 8 au 9 za kukimbia, na mpira una mita 15 za kubiringika juu ya changarawe, kwa hiyo akiondoka kwa wakati watafika karibu pamoja. Hakimbii moja kwa moja. Anakwenda kwa kupinda kidogo, akitokea upande wa ndani ya kiwanja, ili mwili wake uzibe pasi ya kurudi katikati. Akibakiza mita 2 anapunguza mwendo, anachukua hatua ndogondogo, magoti yamekunjwa, amesimama kiubavu. Haruki. Kwenye mawe haya, mtoto anayeteleza chini kugombea mpira anarudi nyumbani na goti lililochunika, na mpinzani amekwisha kumpita.

Namba 9 hasimami kutazama. Anasogea hadi kati ya mwenye mpira na yule beki wa katikati aliyempasia, ili pasi ya kurudi nayo isiwezekane. Namba 6 anapanda na kumkaribia kiungo wa wapinzani aliye upande huo, hatua mbili tu kutoka kwake. Namba 3 anakaa tayari karibu na mstari, kwa maana sasa njia moja tu imebaki wazi, ile ya mbele kandokando ya mstari, na mpira ukipigwa huko ni wake.

Wengine nao wanasogea. Namba 4 anahamia nyuma ya namba 3, mita 10 kutoka kwake, kwa ajili ya kumsaidia akipitwa. Namba 2 anaingia katikati, mahali alipokuwa namba 4. Namba 5 anachukua mahali pa namba 6. Na winga wetu wa kulia, namba 7, anaingia ndani hadi karibu na duara la katikati.

Tazama sasa upande wa kulia wa kiwanja. Hakuna mtu wetu hata mmoja, na huenda kuna wapinzani wawili wamesimama huru wakipunga mikono. Mama anayetazama anashtuka: "Mbona wale hawana mtu?" Tumewaacha kwa makusudi. Ili mpira uwafikie, yule beki aliyebanwa anapaswa kuuvusha zaidi ya mita 30 kwa juu, akiwa na mtu mbele yake na mstari ubavuni. Mtoto wa miaka 12 hufanya hivyo kwa nadra. Na akifanya, mpira unakaa hewani muda wa kutosha kwa timu yetu kurudi upande ule.

Kwa hiyo namba 7 aliyesimama karibu na duara, mbali na mpira, hakuzubaa. Yeye ndiye anayefunga mlango wa katikati. Mama akimwita "Nenda kule kwenye mpira!" naye akaenda, mlango umebaki wazi. Akimwita "Rudi pembeni, yule hana mtu!" naye akarudi, mlango umebaki wazi vilevile.

Baada ya hapo wahesabu pamoja hadi 6. Kama mpira haujapatikana katika hesabu hiyo, basi mtego umekwisha, na wote wanarudi kwenye mistari yao katika ukanda wa katikati. Kuendelea kukimbia baada ya hapo ni kuchoka bure.

Yanayoharibika, na namna ya kuyaona

Kosa la kawaida kuliko yote ni mmoja kubana peke yake. Namba 8 anakimbia vizuri, lakini namba 6 amebaki mahali pake. Mwenye mpira anapasia kwa kiungo aliyeachwa huru, na kazi ya namba 8 imepotea. Watu wa pembeni watamlaumu namba 8 kwa kupitwa, au watamlaumu beki aliyefungwa goli mwishoni. Kocha asitazame mwisho. Atazame pasi iliyotoka kwenye mtego, na kujiuliza ni nani alipaswa kuwa hatua mbili kutoka kwa aliyeipokea. Mara nyingi ni kiungo, na mara nyingi sababu yake ni uchovu. Hapo dawa ni kumpumzisha, na ugomvi hausaidii.

Kosa la pili ni mabeki kubaki nyuma kwa woga. Mstari wa mbele unapanda na mabeki wanabaki wamemkumbatia golikipa. Ili kuliona, usitazame mpira. Mpira ukiwa kwa wapinzani, tazama namba 4 na namba 9 tu, ukadirie hatua kati yao. Ukipata 35 au 40, hakuna kubana kutakakofaa siku hiyo hadi mabeki wapande. Mara nyingi woga huo unatoka kwa golikipa ambaye naye amebaki juu ya mstari wa lango. Mwambie golikipa asogee mbele mita 8 au 10 kutoka langoni, na mabeki watapata moyo wa kupanda.

Kosa la tatu ni wawili kumwendea mwenye mpira mmoja. Watoto wanapenda mpira, na wote wawili wanaona wana haki. Kanuni ni fupi: aliye karibu zaidi anakwenda, wa pili anaziba pasi ya karibu. Wafundishe kusema kwa sauti, "Wangu!" Asiyesema hajaenda.

Mazoezi ya dakika 20 bila vifaa

Zoezi la kwanza ni la kamba. Kata kamba mbili za mita 10. Mmoja katika mabeki ashike ncha moja na mmoja katika viungo ashike ncha ya pili. Kiungo wa pili ashike kamba nyingine pamoja na mmoja wa mstari wa mbele. Kocha atembee na mpira mkononi, mbele, nyuma, kulia, kushoto, na timu itembee naye. Kamba isivutike sana wala isilale chini. Wote watembee tu, wasikimbie, kamba isije ikamwangusha mtoto. Baada ya dakika 10 ziondoe kamba, mrudie bila kamba, na utaona mistari inaendelea kukaa.

Zoezi la pili ni la vivuli, kama la Sacchi. Weka mawe matano mahali ambapo wapinzani huwa na mpira: mawili pembeni kushoto na kulia, moja katikati, mawili nyuma yake. Yape majina, kwa mfano ya masoko: Virunga, Birere, Kahembe, Alanine, Katindo. Kocha akiita "Birere!" timu yote inahamia kana kwamba mpira uko kwenye jiwe hilo, kisha inasimama tuli. Hapo kocha anapita na kupima kwa hatua zake. Kila mtoto aweze kujibu maswali mawili: nani anabana, na wewe unaziba pasi gani? Asiyejibu hajakosea, ila mchoro haujamfikia bado.

Mwisho wa zoezi, mpe mtoto vifuniko 9 vya soda avipange chini mwenyewe, kisha aweke punje ya mahindi kama mpira na kuvisogeza. Kocha anayechora peke yake karatasini hajui watoto wameelewa nini. Mtoto anayesogeza vifuniko anaonyesha palepale.

Kwa sisi tunaosimama pembeni

Tunapendekeza kila kikundi kifanye jaribio dogo katika mchezo ujao. Kwa dakika 10 za mwanzo, kila mama asitazame mpira bali namba moja tu, ile anayocheza mwanawe. Mpira ukienda kushoto, je, anasogea kushoto? Wapinzani wakiuchukua, je, anakaribiana na wenzake? Aliye karibu akienda kubana, je, yeye anaziba kitu?

Ukiona anafanya hayo, basi anacheza vizuri, hata kama hajagusa mpira. Mwambie hivyo mkiwa njiani kurudi nyumbani, kwa kutaja jambo lenyewe: "Nilikuona ulivyoingia katikati mpira ulipokuwa upande wa pili." Na wakati wa mchezo, sauti moja tu iwafikie watoto, ile ya kocha. Tukitaka kupiga kelele, tupige makofi.